Usimwambie avute pumzi

Msikilizaji wa Singida, popote ulipo, kuanzia Manyoni mpaka Mkalama, leo nina ombi kwa walimu, matroni na wazazi wenye mabinti shule za bweni. Linahusu maneno mawili tunayoyapaza mtu anapoanguka kwa hofu: "Vuta pumzi!" Tunayasema kwa huruma, lakini mara nyingi yanamzidishia mgonjwa mateso.

Tuchukue binti wa kidato cha nne, katika bweni lolote la mkoa wetu, usiku wa kuamkia mtihani wa taifa. Hajala vizuri, hajalala, na moyo umeanza kumwenda mbio. Anahisi hewa haimtoshi, basi anafungua mdomo na kuhema kwa nguvu, mabega yakipanda na kushuka. Baada ya dakika chache kichwa kinamzunguka. Vidole vya mikono yote miwili na pembe za midomo vinamchoma kama sindano. Anaona anakufa, anahema zaidi, mpaka viganja vinakakamaa: vidole vimenyooka na kushikamana, kidole gumba kimeingia ndani, kifundo kimekunjika. Mmoja anapiga kelele kwamba ni pepo. Wengine wanamzunguka wakimpepea kwa kanga, na wote wanamwambia avute pumzi.

Binti huyu hana upungufu wa hewa. Mtu mzima mwenye afya anapopumua kawaida, mara 12 hadi 20 kwa dakika, damu yake huwa imeshabeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Ndivyo ilivyo hata hapa kwetu, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500. Kuhema mara 30 kwa dakika hakumwongezei oksijeni ya maana. Kinachobadilika ni ile hewa ya ukaa tunayoitoa nje. Tumezoea kuiona kama uchafu tu, lakini mwili unahitaji kiasi chake kibaki ndani ya damu, kwa kuwa ndiyo inayosaidia kuipa damu kiwango chake sahihi cha tindikali na kuiacha mishipa ya ubongo ikiwa wazi. Binti anapohema kupita kiasi anaitoa haraka kuliko mwili unavyoitengeneza, na mishipa ya ubongo inasinyaa. Damu inayopanda kichwani inaweza kupungua kwa theluthi au zaidi. Kizunguzungu kinatoka hapo, pamoja na macho kuingia giza na kujiona kama uko mbali na wenzako.

Na vidole je? Hewa ya ukaa ikipungua, tindikali ya damu nayo inashuka. Hapo sehemu ya kalsiamu iliyokuwa huru ndani ya damu inanasa kwenye protini, na neva zinazoitegemea ili zitulie zinaanza kujifyatua zenyewe. Mwanzo huwa ganzi na michomo ya vidole na midomo, kisha misuli ya mikono inakaza. Mkono uliokakamaa hivyo unatisha sana kuuona, nami siwalaumu wanaodhani umeshikwa na kitu. Lakini pumzi ikirudi taratibu, kwa kawaida unalegea wenyewe ndani ya dakika chache. Hakuna haja ya kuunyoosha kwa nguvu.

Kwa hiyo maneno ya kumwambia ni kinyume cha yale tuliyozoea. Mwambie atoe pumzi. Mkalishe, mgongo umeegemea ukuta, mlegezee nguo za kubana kiunoni. Aweke kiganja kimoja kifuani na kingine juu ya kitovu. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kikifanya kazi yake kinashuka na tumbo linasogea mbele, hivyo mkono wa chini ndio unaotakiwa kucheza, ule wa kifuani utulie. Anayehema kwa hofu huwa anatumia misuli ya shingo na mabega. Misuli hiyo inachoka haraka na kifua kinamuuma, na maumivu hayo yanamtia hofu nyingine.

Afunge mdomo, aingize hewa kidogo kwa pua huku ukimhesabia moja hadi nne, kisha aitoe polepole kwa hesabu ya sita, kwa pua au kwa midomo iliyobanwa. Ukihesabu kwa sekunde, hizo ni pumzi sita kwa dakika. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuingiza, kwa sababu mapigo ya moyo huelekea kupungua pumzi inapotoka, na kurefusha sehemu hiyo kunausaidia moyo kutulia. Mwanzoni nne kwa sita itamshinda. Anza na mbili kwa tatu, urefushe anavyopata nafuu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapumua polepole, lakini kila pumzi wanaijaza mpaka mapafu yanataka kupasuka. Hiyo bado ni kupumua kupita kiasi, na kizunguzungu hakitaondoka. Pumzi inayotakiwa ni ndogo, ya mtu aliyelala usingizi. Atahisi kiu ya hewa kwa dakika ya kwanza au ya pili, na unatakiwa umwambie mapema kwamba kiu hiyo itapita. Utajua mnakwenda vizuri michomo ya vidole ikianza kupungua na akaweza kusema sentensi nzima bila kukatisha.

Waondoe pia watazamaji. Hofu ya namna hii huambukizana kwa macho na masikio. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, kicheko na kilio visivyozuilika vilianza kwa wasichana watatu vikawafikia 95 kati ya 159, mpaka shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari waliochunguza hawakupata sumu wala kijidudu. Tatizo la Kashasha halikuwa la kuhema, lakini linaonyesha kwa nini binti mmoja apelekwe pembeni na mtu mmoja mtulivu, badala ya kuzungukwa na bweni zima.

Mfuko wa kumfunika pua na mdomo ili avute pumzi yake mwenyewe, ushauri wa zamani, usiutumie. Ukimfunika mwenye pumu au ugonjwa wa moyo ukidhani ni hofu, unaweza kumuua.

Maana si kila anayehema haraka ana hofu. Malaria kali huleta kuhema kwa kina kwa sababu damu imejaa tindikali, na kisukari kilichopanda sana huleta hali hiyohiyo. Hapo mwili unahema ili kujiokoa, na kumtuliza pumzi si tiba. Mwenye homa, anayekoroma au kutoa mluzi kifuani, mwenye midomo ya bluu, maumivu ya kifua, ganzi ya upande mmoja wa mwili au fahamu zinazopotea, apelekwe hospitali bila kusubiri. Hata yule mliyedhani ni hofu, asipopata nafuu ndani ya robo saa, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, aonwe na mganga.

Na mtoto mdogo msimhesabie pumzi za kumtuliza. Hesabuni pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi miwili hadi 11, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, hiyo ni dalili ya nimonia. Mpelekeni zahanati siku hiyohiyo.