Barua ya Kusimamishwa Kupisha Uchunguzi

Nchini Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamruhusu mwajiri kumsimamisha mfanyakazi anayetuhumiwa kosa kubwa, kwa mshahara kamili, uchunguzi ukiendelea. Barua lazima itaje sababu na masharti.

Tuchukue mfano wa mtunza stoo anayetuhumiwa kuiba saruji. Barua ikisema "umeiba saruji", imeshamhukumu. Iandikwe hivi: "Unasimamishwa kazi kuanzia tarehe 3 hadi 16 Machi, kwa mshahara kamili, kupisha uchunguzi wa upungufu wa saruji. Hatua hii haimaanishi kwamba una hatia. Kabidhi funguo, upatikane kwa simu saa za kazi, na usiingie stoo bila kibali."

Kuandika "hadi utakapojulishwa" pekee ni kumning'iniza mtu. Uchunguzi ukichelewa, apewe barua nyingine yenye tarehe mpya, na mshahara uendelee.