Diapo iliyopita mbio
Lile somo la sabuni tuliwatumia kwa telefone likiwa video, na bamama wakatuuliza: mbona kipimo cha soda kinapita mbio? Soda inaunguza, si ya kukisia. Kosa ni letu. Diapo ile hatukuirekodia sauti, basi PowerPoint ikaipa sekunde 5 tu, kama kila diapo isiyo na muda wake. Tumeirekodi hiyo moja, zingine tumeziacha.

Tena, mkirekodi, malizeni neno, nyamazeni kidogo, ndipo mpitishe diapo. Ikiwa inabadilika, sauti haishikwi. Kisha `Fichier`, `Exporter`, `Créer une vidéo`, mchague 480p, iwe nyepesi kwa telefone. Ikitoka, iangalieni yote mbele ya kuituma.