Kofi Moja, Mashtaka Mawili: PF3 na Uzito wa Jeraha

Mada iliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa hadhara wa kata



Mtu anaposhambuliwa, watu wengi hupima uzito wa kosa kwa wingi wa damu. Sheria haipimi hivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha shambulio la kudhuru mwili, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5, na kusababisha madhara makubwa, ambayo inaweza kufika miaka 7. Madhara huwa makubwa yanapohatarisha uhai, yanapoharibu afya vibaya au kwa kudumu, yanapoacha kovu la kuumbua lisilofutika, au yanapodhuru kiungo au mlango wa fahamu kwa namna kubwa au ya kudumu. Neno la kuzingatia hapo ni kudumu, kwa sababu siku ya tukio ni nadra mtu yeyote, hata daktari, kujua kitakachodumu.

Chukulia mama mmoja aliyegombana na jirani kwenye foleni ya maji, akapigwa kofi la sikio la kushoto. Hakutokwa na damu. Kituoni alipewa Fomu ya Polisi Namba 3, ile tunayoiita PF3. Askari hujaza sehemu inayoeleza malalamiko, na daktari hujaza sehemu ya uchunguzi: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, linaonekana kuwa la muda gani, lingeweza kusababishwa na kitu butu au chenye makali, na uzito wake kwa maoni yake. Mama huyu alisema shavu linamuuma. Hakutaja kwamba sikio lilikuwa likivuma, maana alidhani litanyamaza lenyewe. Fomu ikarudi na maneno machache: uvimbe na wekundu wa shavu la kushoto. Kwa maneno hayo, mwendesha mashtaka hana msingi wa kuandika zaidi ya shambulio la kudhuru mwili, na pengine shambulio la kawaida tu.

Wiki iliyofuata alirudi hospitali akiwa hasikii vizuri. Daktari alimulika ndani ya sikio, akaona ngoma ya sikio imetoboka. Je, hayo sasa ni madhara makubwa? Bado haijulikani. Ngoma iliyotoboka kwa kofi mara nyingi huziba yenyewe ndani ya wiki kadhaa, na usikivu hurejea. Daktari makini huandika alichokiona, kisha huagiza mgonjwa arudi apimwe usikivu baada ya muda. Tundu likiziba na masikio yakasikia sawa, kosa hubaki pale pale. Usikivu ukibaki umepungua baada ya miezi kadhaa, mlango wa fahamu umedhurika kwa kudumu, na uzito wa kosa unabadilika ingawa kofi ni lile lile.

Linganisha na kijana aliyepasuliwa ngozi ya kichwa. Ngozi hiyo hutoa damu nyingi, shati zima likalowa, na ndugu wakaja juu wakidai kesi kubwa. Lakini jeraha likiwa la juu juu, bila fuvu kuguswa, hushonwa na kupona. Daktari anayeliita jeraha la kawaida hajamwonea kijana, wala si dalili kwamba amehongwa, kama inavyosemwa upesi mno vijiweni.

Kwa hiyo majeruhi amweleze daktari kila anachokihisi, hata kisichoonekana: kizunguzungu, ganzi ya vidole, sikio kuvuma, kuona ukungu. Hali ikibadilika, arudi hospitali, kisha amjulishe mpelelezi mwenye jalada, ili matokeo mapya yaombwe kwa maandishi. Cheti cha matibabu kinachokaa nyumbani hakifiki kwa mwendesha mashtaka. Na mwenye hali mbaya apelekwe kutibiwa kwanza, fomu ifuatwe baadaye.

Mashtaka yaliyokwisha kusomwa yanaweza kurekebishwa kesi ikiendelea, kwa idhini ya mahakama. Mshtakiwa husomewa upya na kujibu upya, na anaweza kuomba mashahidi waliokwisha kusikilizwa waitwe tena kuhusu mabadiliko hayo.

Upande wa mshtakiwa nao una kinga yake. PF3 inaonyesha kuwa mtu ameumia. Haionyeshi ni nani aliyemuumiza, na hilo huthibitishwa na mashahidi. Aidha, fomu inapopokelewa mahakamani, mshtakiwa anapaswa kuelezwa kuwa ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe na kuhojiwa. Anaweza kumuuliza alipima usikivu kwa njia gani, lini, na iwapo sikio hilo halikuwa na ugonjwa kabla ya kofi. Majibu hayo ndiyo hakimu atakayoyapima, kwa kuwa maoni ya daktari juu ya uzito wa jeraha ni ushahidi, na hakimu halazimiki kuyakubali.