Kuponi mbili kwa mwaka: faida ya kweli ni ngapi?



Mwezi uliopita mama mmoja wa kikundi alikuja kuniona. Iko na dola 1,040, makuta ya kununua mabati miaka miwili ijayo. Mtu mmoja anataka kumuuzia obligasio, ile karatasi ya kukopesha Leta. Akamwambia: "Mama, hii inalipa 8 kwa mia." Mama akaniuliza kama ni kweli.

Tukasoma karatasi pamoja. Imeandikwa dola 1,000, na 8 kwa mia ni ya hiyo 1,000, si ya bei ambayo mama atalipa. Basi kwa mwaka ni dola 80. Zinalipwa mara mbili: dola 40 kila miezi sita. Kila malipo tunaita kuponi.

Lakini muuzaji anaomba dola 1,040. Kwa hiyo tunachukua kuponi za mwaka mzima, 80, tunagawanya kwa bei, 1,040. Tunapata 7.7 kwa mia. Hiyo ndiyo faida ya sasa. Muangalie vizuri: mtu akigawanya 40 peke yake, anapata karibu nusu ya jibu, juu amesahau kuponi ya pili.

Sasa, hesabu haijaisha. Obligasio hii inabakiza miaka miwili. Siku ya mwisho Leta itarudisha dola 1,000 zilizoandikwa, si 1,040. Mama atapoteza dola 40, ni kusema 20 kila mwaka. Toa 20 kwenye 80, inabaki 60. Makuta yake yanaanza kwa 1,040 na kuishia kwa 1,000, basi tunagawanya kwa katikati yake, 1,020. Jibu ni karibu 5.9 kwa mia. Hii ni hesabu ya mkono. Mashini ya banki itatoa namba iliyo karibu sana na hiyo.

Kama bei ingekuwa chini ya 1,000, mambo yangegeuka: siku ya mwisho angepata nyongeza.

Kisha nikamuuliza: banki inakata ngapi? Tuseme inakata dola 5 kwa kila kuponi. Ni 10 kwa mwaka. Ile 60 inakuwa 50, na faida inashuka mpaka 4.9 kwa mia. Mwenye obligasio mia moja, kama anakatwa dola 5 ileile, hasikii kitu. Mwenye moja anasikia sana.

Na tena, mabati yakihitajika mbele ya miaka miwili, itabidi auze kwa bei ya siku hiyo. Inaweza kuwa chini.

Mama hakukataa. Alirudi kwa muuzaji na maulizo matatu: siku ya mwisho nitarudishiwa ngapi, ni lini, na nani anakata nini njiani? Nanyi, mtu akiwatajia "8 kwa mia", mumuulize hayo mbele ya kufungua mfuko.