Somo: Kupima Njia ya Kufundisha Bila Kupiga Kura

Leo tutazungumza juu ya kupima njia mpya ya kufundisha pale tusipoweza kuwagawa watoto kwa kura.

Tuseme walimu wa darasa la pili katika baadhi ya shule za Tarime na Serengeti wamechaguliwa kwenda kujifunza, katika likizo ya Juni, kufundisha kusoma kwa sauti za herufi. Shule zimekwisha kuchaguliwa, na mtoto wa Sirari hawezi kuhamishiwa Mugumu kwa ajili ya jaribio letu. Basi itupasa kutafuta shule nyingine za kulinganishia.

Tusilinganishe Tarime yote na Serengeti yote. Tarime, huko Nyamongo, kuna mgodi wa dhahabu. Na Serengeti, pamoja na Wakurya, wamo Waikoma, Wanata na Wangoreme. Tofauti ikionekana, hatutajua kama imeletwa na njia au na wilaya. Kwa kila shule yenye njia mpya, tutafute mwenzake katika wilaya ile ile, wanaolingana kwa wingi wa watoto darasani, lugha ya nyumbani na umbali kutoka barabara kuu.

Kisha tupime watoto wale wale mara tatu: Februari, Mei na Novemba. Kila mtoto asome hadithi fupi kwa dakika moja, tuhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Tuchukue mfano huu. Katika shule zenye njia mpya wastani ni maneno 8, halafu 12, halafu 27. Katika shule za kulinganishia ni 12, halafu 16, halafu 25.

Mtu akitazama Novemba tu atasema faida ni maneno 2. Lakini tangu Mei shule za kwanza zimepanda maneno 15, na za pili 9. Kwa hiyo faida ni 6.

Je, hesabu hiyo yaaminika? Inategemea kwamba, bila njia mpya, pande zote mbili zingepanda sawa. Hatuwezi kuliona jambo hilo lenyewe, ila kipimo cha Februari kinatupa dalili: kabla ya njia kuanza, kila upande ulipanda maneno 4. Kama upande mmoja ungekuwa ukipanda upesi tangu zamani, ile 6 isingekuwa ya njia.

Hata hivyo, tuangalie mahudhurio. Watoto dhaifu wakiacha shule, wastani hupanda bila mtu kufundishwa zaidi. Tuhesabu waliopimwa mara zote tatu tu, na tutaje waliopotea kila upande. Tena, watoto 60 wa mwalimu mmoja ni ushahidi wa mwalimu mmoja tu. Shule mbili hazitoshi, hata zikiwa na watoto wengi.

Juma lijalo tutaona jinsi ya kuchagua hadithi ya kupimia. Kwaherini.