HESABU YA JUMAMOSI JIONI
Maneno ya Mwenyekiti katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi



Namshukuru Mungu aliyetufikisha leo. Katibu ameshawasomea risala na Mweka Hazina ameshawasomea mapato. Mimi nimeombwa nizungumzie jambo moja tu, nalo ni ile hesabu ambayo kila mwanachama anaifanya nyumbani kwake Jumamosi jioni. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Lakini kibeti cha mama hakina kufuli, na mshika ufunguo ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana tukaiweka hesabu hii.

Hesabu yenyewe ni ya mistari minne. Wa kwanza ni fedha taslimu ulizonazo. Zihesabu kwanza, kabla hujafungua daftari, kwa sababu ukianza na daftari utaitafuta ile tarakimu unayoitaka. Wa pili ni mali iliyobaki, na uiandike kwa bei uliyonunulia, siyo bei unayotumaini kuuzia. Wa tatu ni fedha unazowadai wateja. Wa nne ni zile unazodaiwa wewe, na kikundi au na mtu mwingine yeyote. Jumlisha mitatu ya kwanza, toa wa nne. Kinachobaki ndicho mtaji wako wa kweli.

Hebu tuchukue mfano wa mama anayenunua dagaa mwaloni Musoma na kuuza Bunda. Nitaweka tarakimu nyepesi ili tufuatane. Anaanza wiki na shilingi 300,000 mkononi. Katika hizo amekopa kikundini 200,000, na pamoja na riba atarudisha 220,000. Kwa hiyo mtaji wake wa kweli ni 80,000, siyo laki tatu.

Ananunua debe 15 kwa 16,000 kila moja, jumla 240,000. Nauli na mzigo ni 15,000. Anauza debe 10 kwa 20,000 kila moja. Kati ya hizo debe 7 kalipwa taslimu na 3 kakopesha. Ushuru wa soko kalipa 3,000. Debe moja limeingia jikoni kwake, na katika fedha ya mauzo ametoa 42,000 kwa ajili ya sukari, sabuni na madaftari ya watoto.

Ukimuuliza Jumamosi mchana habari za biashara atakwambia, "Nzuri sana, nimeuza laki mbili." Na kweli ameuza. Sasa jioni anakaa chini. Fedha taslimu 140,000. Debe 4 zilizobaki ni 64,000. Anadai 60,000. Jumla 264,000. Toa deni la kikundi 220,000, anabaki na 44,000. Juma lililopita alikuwa na 80,000. Mtaji umepungua kwa 36,000 katika wiki ile ile anayoiita nzuri!

Zimekwenda wapi? Debe 10 zilimpa faida ya 40,000. Toa nauli na ushuru 18,000, biashara imezaa 22,000. Nyumba nayo imekula 42,000 za fedha na debe la 16,000, jumla 58,000. Tofauti ni zile zile 36,000. Hapo ndipo anapojua kwamba kasoro haikuwa soko wala wateja. Kama asingehesabu, angeomba mkopo mkubwa zaidi ili auze zaidi, na shimo lingebaki pale pale.

Baada ya kuona hivyo, mama anarekebisha mpango. Hapa tuna kanuni: badilisha jambo moja tu, kisha uliache kwa wiki mbili au tatu ulione. Ukibadilisha bei, soko na mzigo kwa mara moja, hutajua ni lipi lililosaidia. Mama wa mfano wetu anaweza kujipangia posho maalumu ya wiki, tuseme 15,000, na dagaa wa mboga awanunue kama mteja mwingine, walipiwe ndani ya posho hiyo. Kama nyumba haiwezi kuishi kwa posho hiyo, basi ukweli ni kwamba biashara hii peke yake haitoshi kulisha nyumba. Ni afadhali lijulikane mapema, tulizungumze kikundini kabla mkopo haujaisha mkononi.

Lakini jamani, wiki na wiki hazilingani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi mingi hupumzika, na bei ya mwaloni hupanda. Ukilinganisha wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi utajilaumu bure, au utajisifu bure. Linganisha wiki hii na ile ya majuma manne nyuma, maana mwezi unakuwa umezunguka karibu mahali pale pale.

Mvua nayo ina mambo yake. Dagaa wasiokauka vizuri hupoteza ule weupe wa kung'aa, wanakuwa wa manjano, wanavunjika na kutoa harufu, na mwisho wananunuliwa kwa chakula cha kuku. Hao usiwaandike kwa bei uliyonunulia. Waandike kwa bei ya chakula cha kuku, hata kama kalamu inakuwa nzito. Na mdeni aliyepitisha majuma manne bila kutoa hata shilingi, mtoe kwenye mstari wa tatu, umwandike ukurasa wa nyuma. Akilipa, utamrudisha.

Wenzetu wa Butiama wenye mashamba ya mihogo waliuliza, sisi tutahesabu nini, na mihogo inakaa ardhini karibu mwaka mzima? Wao wanahesabu kazi. Wanaandika walipanga kupalilia mistari mingapi, wamepalilia mingapi, na sababu ya tofauti. Sababu iandikwe kwa jina lake. "Nilikuwa na shughuli" siyo sababu. "Siku mbili nilikuwa msibani" ni sababu, na "jembe limevunjika mpini" ni sababu, tena yenye dawa.

Mtaniuliza, mtu akijidanganya tutajuaje? Daftari lenyewe linasema. Tarakimu zikiwa mviringo kila juma, ujue hazikuhesabiwa, zimekisiwa. Orodha ya wadeni isipopungua wala kubadilika, ujue imenakiliwa. Na mtu akilipa marejesho vizuri huku mstari wa nne unapanda, ujue anakopa kwa jirani ili alipe kikundi. Huyo hadaiwi faini, anahitaji kukaa na wenzake. Ndiyo sababu tunahesabu wawili wawili, jirani na jirani, kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, usifute.

Mwisho, hesabu hii ina mpaka wake. Haizuii ugonjwa, wala haijui bei ya msimu ujao. Inakwambia tu ulipo Jumamosi hii, na kama posho, mzigo au mkopo unaofikiria unalingana na hapo ulipo. Kwa hiyo naomba kila atakayejaza fomu ya mkopo mwaka huu aje na kurasa nne za mwisho za daftari lake. Kamati itasoma hizo kwanza, ndipo isome fomu.