Betri Ikivuliwa, Spea Zisinunuliwe kwa Kubahatisha

Ukaguzi wa magari ya abiria umetangazwa. Kinachotusumbua sisi ni kitakachofuata gereji, Tarime mjini, Sirari, Nyamongo hadi Mugumu. Magari yatapelekwa kwa wingi, betri zitavuliwa ili zichajiwe au ili nyaya zirekebishwe, na zikirudishwa baadhi ya magari yataanza kuhangaika: sailensi inapanda, inashuka, inapanda tena, na ukiingiza gia gari linazimika. Hapo mwenye gari ataambiwa anunue throto bodi. Tumelalamika hapa mara nyingi na leo tunalalamika tena: spea zinauzwa kwa kubahatisha.

Chukueni Nissan X-Trail ya zile za kwanza, zimejaa huku kwetu. Kanyagio lake la mafuta halivuti waya. Kompyuta ya injini ndiyo inayoamuru mota ndogo kufungua kisahani kinachopitisha hewa kwenye throto. Sasa gari hilo limekula vumbi la kokoto kati ya Tarime na Mugumu kwa miaka, chujio la hewa limepulizwa kwa kompresa badala ya kubadilishwa, na mvuke wa oili kutoka kwenye injini umegandisha masizi pembeni mwa kisahani. Njia ya hewa imebana. Kompyuta ilizoea ule uchafu kidogo kidogo, ikawa inafungua kisahani zaidi ya kiwango cha kiwandani, na dereva hakugundua kitu. Siku betri inavuliwa, mazoea hayo yanafutika. Kompyuta inarudi kwenye kiwango cha kiwandani huku uchafu uko palepale. Hewa haitoshi, injini inataka kuzima, kompyuta inafungua kwa pupa, mzunguko unapaa, inafunga tena. Gari halijaharibika. Limesahau.

Na kinyume chake kipo. Fundi akisafisha throto bila kulifundisha gari upya, kisahani kinabaki wazi kama zamani ilhali njia sasa ni pana. Sailensi inakaa juu, kompyuta inakata mafuta ili kuishusha, ikishuka inayarudisha, nayo inaruka tena. Mlio unafanana, chanzo ni kingine. Ndiyo maana tunasema kupima kwanza!

Kusafisha kwenyewe si kazi ya siku nzima. Swichi ikiwa imezimwa, toa bomba la hewa, lowesha kitambaa laini kwa dawa ya kusafishia throto, futa ukingo wa kisahani na ukuta wake. Usikisukume kwa nguvu, gia zake ndani ni za plastiki. Usimwage dawa kama unaosha sufuria, kwa sababu inaweza kuingia kwenye mota. Rudisha bomba likaze, maana hewa ya wizi inaleta ugonjwa uleule.

Kisha lifundishe. Washa swichi bila kupiga stata, izime, subiri sekunde 10 huku ukisikiliza mota ya kisahani ikijipanga. Baadaye pasha injini hadi joto lake la kawaida, gia iwe P, usukani unyooke, taa na eisi vizimwe. Wakati injini inanguruma, betri isome angalau volti 12.9, ikisoma chini ya hapo, acha, hutafanikiwa. Zima kwa sekunde 10. Washa swichi, subiri sekunde 3, kisha ndani ya sekunde 5 kanyaga mafuta hadi mwisho na kuachia mara tano. Subiri sekunde 7, kanyaga na ushikilie kama sekunde 20, hadi taa ya cheki injini iache kumetameta na iwake moja kwa moja. Achia ndani ya sekunde 3, piga stata, liache lingurume sekunde 20. Mzunguko unatakiwa utulie karibu na 700 kwa dakika. (Toyota nyingi hazina mchezo huu wa kanyagio, ziache zingurume hadi zipate moto bila kugusa mafuta, kisha ziendeshwe taratibu.)

Ikiwa taa haikutulia, rudia masharti: joto, volti, eisi. Ikiwa ilitulia na gari bado linahangaika, tafuta mpira uliopasuka nyuma ya throto, sikiliza mluzi wa hewa. Na kama gari lilikuwa likihangaika hata kabla betri haijaguswa, betri si ya kulaumiwa. Baada ya vipimo hivyo ndipo neno spea litajwe.

Wenye magari wa Tarime na Serengeti, acheni kulipia makisio! Fundi akitaka kuvua betri, muulize atalifundishaje gari baada ya kuirudisha. Akikuletea bei ya throto bodi kabla hajafungua bomba la hewa, chukua funguo zako uondoke!